Herufi mbili za mwanzo wa IBAN na urefu wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu herufi mbili za mwanzo wa IBAN, yaani nambari ya kimataifa ya akaunti ya benki, na jinsi idadi ya herufi na tarakimu zake zote inavyothibitisha au kukanusha nchi iliyotajwa na herufi hizo. Mifano yote ni ile ya kielelezo inayotumika kufundishia, kwa hiyo usitume pesa huko.

## Misingi

Herufi mbili za mwanzo zinasema nini?

Zinataja nchi ambayo akaunti imesajiliwa. Zinatoka kwenye orodha ya ISO 3166-1, ileile inayozipa nchi misimbo ya herufi mbili. Baada yake huja tarakimu mbili za ukaguzi, na kinachobaki ni nambari ya ndani: msimbo wa benki, pengine wa tawi, kisha nambari ya akaunti, kwa mpangilio ambao nchi yenyewe imeuchagua.

Chukua huu wa Ujerumani: DE89 3704 0044 0532 0130 00. DE ni nchi, 89 ni tarakimu za ukaguzi, 37040044 ni benki, na 0532013000 ni akaunti. Huwezi kujua benki inaishia wapi na akaunti inaanzia wapi mpaka usome DE kwanza. Herufi hizo mbili ndizo zinazokuambia utumie kanuni za nchi gani kusoma yaliyobaki, urefu ukiwa mojawapo.

Kwa hiyo zinaonyesha uraia wa mwenye akaunti, au sarafu?

Hapana, si uraia wala sarafu. Mtu anayeishi Uhispania anaweza kuwa na akaunti inayoanza na LT kwa sababu kampuni iliyomfungulia imesajiliwa Lithuania, na hakuna udanganyifu wowote hapo. Mwajiri au kampuni ya umeme ndani ya Umoja wa Ulaya inayokataa IBAN ya euro kwa sababu tu herufi zake ni za nchi nyingine mwanachama inavunja Kanuni ya Umoja huo namba 260/2012. Na akaunti inayoanza na GB inaweza kabisa kuwa ya dola.

Mbona Ujerumani ni DE, Uswisi CH, na Uingereza si UK?

Misimbo mingi inafuata jina ambalo nchi inajiita yenyewe. Ujerumani ni Deutschland, Uhispania ni España (ES), Kroatia ni Hrvatska (HR). Uswisi ina lugha rasmi nne, ikakimbilia Kilatini: Confoederatio Helvetica, ndiyo CH. Uingereza imesajiliwa kama GB, na IBAN inayoanza na UK haipo. Ukiletewa moja, aliyeiandika ameitunga kwa kichwa.

Wanaochanganya watu zaidi ni SE na CH, yaani Uswidi na Uswisi. Kwa Kiswahili majina yanafanana, lakini urefu unawatenganisha haraka: Uswidi ni 24, Uswisi ni 21.

IBAN ina urefu gani?

Inategemea nchi. Kikomo cha juu cha kiwango chenyewe, ISO 13616, ni 34, lakini hakuna nchi inayofika huko kwa sasa. Fupi kuliko zote ni ya Norwei, 15. Ubelgiji ni 16, Uholanzi 18, Austria 20, Uswisi 21, Ujerumani 22, Falme za Kiarabu 23, Uturuki 26, Ufaransa na Italia 27, Polandi 28, Malta 31. Barani Afrika, Tunisia ni 24, Burundi na Jibuti 27, Misri 29, Morisi 30. Orodha kamili iko kwenye rejista inayotunzwa na SWIFT, na ndiyo ya kuaminiwa panapotokea ubishi.

Lililo muhimu ni kwamba ndani ya nchi moja urefu haubadiliki. Benki kubwa, benki ndogo, akaunti ya mtu au ya shirika: kila inayoanza na DE ina 22. Akaunti ikiwa na tarakimu chache, inajazwa sufuri mbele mpaka itoshe. Ndiyo maana mfano wa hapo juu una 0532013000 badala ya 532013000.

Nani aliamua urefu uwe mmoja kwa kila nchi?

Toleo la kwanza la ISO 13616, la mwaka 1997, liliacha mlango wazi mno. Kamati ya Ulaya ya Viwango vya Kibenki ikaona halitekelezeki, ikatoa toleo lake lililobanwa: herufi kubwa tu, na urefu mmoja kwa kila nchi. Kiwango cha kimataifa baadaye kikafuata njia hiyohiyo. Bila uamuzi huo ukurasa huu usingekuwa na la kusema.

## Kuhesabu

Nahesabuje bila kukosea?

Usihesabu moja moja. IBAN inapoandikwa kwenye karatasi hugawanywa makundi ya nne nne, na kundi la mwisho hubeba kinachosalia. Basi hesabu makundi kamili, zidisha kwa nne, ongeza mabaki. Ya Ujerumani ni makundi matano na mabaki mawili: 22. Ya Ufaransa ni makundi sita na mabaki matatu: 27. Ya Ubelgiji ni makundi manne yasiyo na mabaki.

Ukishazoea, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye mkia. DE inayoishia na tarakimu moja peke yake imepungukiwa, hata kabla hujahesabu. Mimi ankara ikifika mezani naanza na mkia, kisha narudi kwenye herufi mbili za mwanzo. Katikati naangalia baadaye.

Ni ya Ujerumani lakini nimehesabu 27. Tatizo ni nini?

Umehesabu nafasi. Makundi sita yana nafasi tano katikati, na 22 ukijumlisha 5 unapata 27, ambao kwa bahati mbaya ni urefu halali wa Ufaransa. Nafasi ni za kumsaidia msomaji tu na si sehemu ya IBAN. Ukipata 26, huenda umehesabu pia neno lenyewe "IBAN" lililochapwa mbele, nalo si sehemu ya nambari.

Nahesabu 22 kwa macho, fomu inasema urefu si sahihi. Nani mkweli?

Mara nyingi fomu. Ukinakili kutoka kwenye PDF au barua pepe unaweza kubeba alama zisizoonekana: nafasi isiyokatika, ambayo fomu nyingi haziitambui kama nafasi ya kawaida, au alama yenye upana sufuri. Macho yanaona 22, mashine inaona 23. Futa kila kitu kwenye kisanduku, kisha andika kwa mkono badala ya kubandika. Ikikubali, hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Kinyume chake pia hutokea, urefu ni sahihi lakini fomu inakataa nchi. Angalia kama herufi O imeandikwa kama sufuri. Norwei ni NO na Romania ni RO. Aliyeandika N0 ana alama 15 kamili, lakini hana nchi, kwa sababu nafasi mbili za kwanza hazipokei tarakimu.

Imepungua tarakimu moja. Naweza kuongeza sufuri mwishoni?

Usifanye hivyo. Hujui iliyopotea ni ipi wala ilikuwa wapi. Urefu unakuambia kwamba kuna pengo, hauonyeshi mahali pake. Mrudie mwenye akaunti akutumie upya, ikiwezekana kwa kunakili kutoka kwenye taarifa ya benki yake, si kwa kukuandikia tena kutoka kichwani.

## Urefu na tarakimu za ukaguzi

Kuna tarakimu mbili za ukaguzi. Urefu unaongeza nini?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote hapa. Wengi hudhani tarakimu za ukaguzi zinakamata kila kosa, na urefu ni mapambo. Sivyo. Tazama jinsi ukaguzi unavyofanyika: alama nne za mwanzo zinahamishiwa mwishoni, kila herufi inageuzwa kuwa namba (A ni 10, B ni 11, mpaka Z ambayo ni 35), kisha namba nzima inagawanywa kwa 97. Baki likiwa 1, IBAN imepita.

Sasa chukua mfano wa Uswisi, CH93 0076 2011 6238 5295 7. C ni 12 na H ni 17, kwa hiyo namba ya kugawanya ni hii:

```
00762011623852957121793
```

Gawanya kwa 97, baki ni 1. Sawa. Lakini angalia mwanzo wake: sufuri mbili. Sufuri zilizo mbele ya namba hazina thamani. Mtu akiacha moja na kuandika CH93 0762 0116 2385 2957, namba ya kugawanya ni ileile na baki ni 1 vilevile. Akiziacha zote mbili, bado ni 1. Tarakimu za ukaguzi hazina namna ya kuliona kosa hili, hata ukirudia hesabu mara mia.

Kinacholiona ni urefu. CH inadai 21. Ukiacha sufuri moja ni 20, ukiacha mbili ni 19. Na hili si jambo la Uswisi peke yake. Popote msimbo wa benki unapoanza na sufuri, mwanya upo: mfano wa kielelezo wa Falme za Kiarabu unaanza na 033 baada ya tarakimu za ukaguzi, na wa Uturuki unaanza na 00061.

Ni nani anayeacha sufuri ya mbele? Mbona haionekani rahisi?

Mtu anayenakili kwa mkono hukosea hivyo mara chache. Mkosaji mkubwa ni lahajedwali. IBAN nzima haidhuriki, kwa sababu inaanza na herufi na lahajedwali huiacha kama maandishi. Hatari huanza pale ofisi inapohifadhi msimbo wa benki kwenye safu yake na akaunti kwenye safu nyingine, kisha inaviunganisha. Safu ya msimbo inachukuliwa kuwa ni namba, 00762 inakuwa 762, na hakuna anayestuka.

Kisha programu inatengeneza tarakimu za ukaguzi kutokana na kilichobaki. Kwa kuwa thamani ya namba haijabadilika, zinatoka 93 zilezile. Ofisini kwetu tuliwahi kupokea faili la namna hiyo lenye malipo kadhaa, kila mstari umepita ukaguzi wa 97, kila mstari umepungua. Aliyelituma aliapa kwamba programu yake imekagua kila kitu, na alikuwa anasema kweli.

Sufuri ikipotea katikati, mwanzoni mwa nambari ya akaunti, thamani inabadilika. Hata hivyo programu inayokokotoa tarakimu za ukaguzi upya itatoa zinazoendana na hilo kosa. Hapo pia urefu ndio shahidi pekee.

Nikikosea herufi za nchi, tarakimu za ukaguzi si zitanikamata?

Karibu kila mara ndiyo, kwa sababu herufi nazo zinaingia kwenye hesabu. Badilisha DE iwe GE, ambayo ni Jojia na ina urefu uleule wa 22, na baki litaharibika.

Lakini kuna jozi zinazoponyoka. DE ni 1314. CH ni 1217. Toa: 97 kamili. Kwa kuwa ukaguzi wote ni kugawanya kwa 97, kubadilisha CH kuwa DE au DE kuwa CH hakugusi baki hata kidogo. DE93 0076 2011 6238 5295 7 inapita ukaguzi sawasawa na ile ya Uswisi. Na hizi ni nchi jirani zinazozungumza Kijerumani, zenye kulipana kila siku!

Kinachookoa ni kwamba Ujerumani inataka 22 na hiyo ina 21. Austria na Uingereza nazo ziko hivyo, AT ni 1029 na GB ni 1611, tofauti ni 582 yaani 97 mara sita, ila kule hatari ni ndogo: moja ni 20, nyingine 22, na ya Uingereza huwa na herufi nne za benki mara baada ya tarakimu za ukaguzi.

Je, kosa la DE na CH likiambatana na kosa la sufuri?

Hapo ndipo urefu wenyewe unaposhindwa. Ongeza sufuri moja mbele ya ile ya Uswisi na ubadilishe herufi: DE93 0007 6201 1623 8529 57. Hesabu: 22. Gawanya: baki 1. Imepita yote mawili, na bado ni takataka. Kinachoifichua ni kutazama msimbo wa benki, 00076201, kwa sababu misimbo ya benki za Ujerumani haianzi na sufuri. Makosa mawili ya namna hii kukutana kwa bahati ni nadra, ila mfano unaonyesha mpaka wa hizi zana mbili.

## Kesi za pembeni

Nikiona urefu tu, naweza kutaja nchi?

Hapana. Ujerumani, Uingereza, Ayalandi, Bulgaria, Jojia, Serbia na nyingine kadhaa zote ni 22. Urefu unajibu swali la ndiyo au hapana: je, hii inaweza kuwa ya nchi inayodaiwa? Ukipata 22 bila herufi mbili za mwanzo, huna kitu mkononi.

Pale urefu unapolingana, tazama umbo. Baada ya tarakimu za ukaguzi, ya Ujerumani ni tarakimu tupu, wakati ya Uingereza na Ayalandi zinaanza na herufi nne za benki. GB inayofuatwa na tarakimu tupu mpaka kufika 22 ina urefu sahihi na bado si sahihi.

Nchi ninayolipia haina IBAN. Nitumie herufi zake hata hivyo?

La. Marekani, Kanada, Australia, Kenya na Tanzania zina misimbo ya herufi mbili kama nchi yoyote, lakini hazimo kwenye rejista ya IBAN. Msimbo wa nchi kuwepo hakumaanishi kuna IBAN. Huko hutumika nambari ya akaunti ya kawaida pamoja na msimbo wa SWIFT au wa ndani. Kosa la kawaida ni AU badala ya AT: anayedhani AU ni Austria ameitaja Australia, na hakuna urefu wa kulinganisha nao.

Vipi kuhusu visiwa na maeneo yaliyo chini ya nchi nyingine?

Hakuna kanuni moja. Jersey, Guernsey na Kisiwa cha Man hutumia GB na urefu wa 22. Reunioni na Martiniki hutumia FR na 27. Gibralta ina GI yake, 23. Visiwa vya Faroe (FO) na Grinlandi (GL) vina herufi zao lakini urefu uleule wa Denmaki, 18. Monako ina MC na inafuata umbo la Ufaransa, 27. Kosovo inatumia XK, msimbo usio rasmi ndani ya ISO 3166, wenye urefu wa 20, kwa hiyo programu inayosoma orodha rasmi ya nchi peke yake huikataa bila kosa lolote la mteja.

Urefu wa nchi huweza kubadilika?

Ndiyo, ingawa ni nadra. Kosta Rika ilikuwa 21 na sasa ni 22. Mfano wake wa kielelezo wa zamani ulikuwa CR05 1520 2001 0262 8406 6, mpya ni CR05 0152 0200 1026 2840 66. Umeona walichofanya? Waliongeza sufuri mbele ya nambari ya ndani, na 05 ikabaki palepale, kwa sababu ileile iliyoelezwa kwenye swali la urefu na tarakimu za ukaguzi. Programu iliyoandikwa zamani na kuachwa bila kusasishwa itazikataa IBAN mpya za huko, ilhali ya zamani iliyohifadhiwa mahali fulani itapita ukaguzi wa 97 bila shida.

Naandika programu. Nikague kwa mpangilio gani?

Safisha kwanza, kisha nchi, kisha urefu, halafu ndipo ugawanye kwa 97. Ukianza na 97 utapata jibu la kutuliza kwa IBAN iliyopungua.

```python
urefu = {"NO": 15, "AT": 20, "CH": 21, "DE": 22, "FR": 27}
s = "".join(iban.split()).upper()
if s[:2] not in urefu:
    print("nchi haijulikani")
elif len(s) != urefu[s[:2]]:
    print("urefu si sahihi")
```

Tenganisha ujumbe wa makosa hayo mawili kama ilivyo hapo. "IBAN si sahihi" haimsaidii mtu, ila "DE inahitaji 22, umeweka 21" inamfanya atazame mkia mara moja. Jedwali la urefu liweke mahali panaposasishwa kutoka kwenye rejista. Na msimbo huu hauondoi alama yenye upana sufuri. Hiyo iondoe kwa kubakiza A hadi Z na 0 hadi 9 tu.

Herufi, urefu na tarakimu za ukaguzi vyote viko sawa. Akaunti ipo?

Si lazima. Vyote vitatu vinakagua maandishi, havigusi daftari la benki. Akaunti inaweza kuwa imefungwa, haijawahi kufunguliwa, au ni ya mtu mwingine kabisa. Kujua kwamba jina linalingana na akaunti ni kazi ya benki inayopokea.